Hati ya nyumba ikilala benki: dhamana ya mkopo wa biashara ina maana gani

*"Nina duka la vipuri vya pikipiki na bajaji hapa Morogoro, huu mwaka wa sita. Nimeomba mkopo wa milioni 20 niongeze mzigo. Afisa mikopo ameridhika na mahesabu ya duka, ila anasema bila dhamana ya nyumba hawezi kunipitishia. Nyumba tunayo, tulijenga pamoja, lakini hati ina jina la mume wangu. Dukani kuna mzigo wa zaidi ya milioni 30, kwa nini wasishike huo? Na hati ikishaenda kwao, nyumba inakuwa ya nani?"*
— Msomaji, Morogoro

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowanyima watu usingizi. Hati ikienda benki, nyumba inabaki kuwa ya mume wako. Mtaendelea kuishi humo, mkiwa na wapangaji mtaendelea kupokea kodi, na kodi ya pango la ardhi mtailipa ninyi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, haihamishi haki ya mmiliki kwenda kwa mkopeshaji. Kinachokwenda benki ni haki moja: kuiuza nyumba hiyo kwa utaratibu uliowekwa, endapo deni halikulipwa, na kujilipa kutokana na fedha za mauzo.

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Neno dhamana tunalitumia polisi mtu anapotolewa, tunalitumia kwa mtu anayekusimamia kwenye mkopo, na tunalitumia kwa mali unayoiweka. Kwa benki hayo ni mambo mawili tofauti. Mdhamini ni mtu anayeahidi kwamba usipolipa atalipa yeye, na akikataa itabidi ashtakiwe ili alazimishwe. Rehani ni mali iliyofungwa kwa deni. Benki haihitaji kumbembeleza mtu, na kwa rehani iliyosajiliwa vizuri haihitaji hata kwenda mahakamani kwanza ili iuze. Ndiyo maana afisa wako anaipenda nyumba kuliko watu watano wenye mishahara.

Sasa mzigo wako wa milioni 30. Si kwamba hauna thamani, na si kwamba sheria inakataza kuuweka. Tatizo lake ni kwamba unatembea. Leo rafuni kuna matairi, minyororo na betri. Mwezi ujao vimeuzwa, na ni wewe peke yako unayejua kama fedha zake zilirudi kununua vingine au zililipa ada ya shule. Nilipokuwa afisa mikopo niliwahi kufuatilia duka lililofungwa baada ya miezi minne ya kutolipa. Kwenye karatasi tulikuwa tumeandika mzigo wa milioni 18. Tulipofungua tulikuta maboksi yaliyopangwa vizuri mpaka darini, mengi yakiwa matupu, na vipuri vya aina ya pikipiki ambayo haitumiki tena sana mjini. Dalali alitupatia chini ya milioni 3.

Kwa hiyo benki nyingi huuandika mzigo kama dhamana ya nyongeza, huuhesabu kwa nusu ya thamani au chini ya hapo, na huutegemea peke yake kwa mikopo midogo tu. Kama duka lako ungelisajili kuwa kampuni, benki ingeweza kuandikisha dhamana juu ya mali zote za kampuni kwa Msajili wa Kampuni kule BRELA. Lakini wewe, nadhani, una jina la biashara na leseni tu, yaani duka na wewe ni mtu mmoja machoni pa sheria. Ukiuza mzigo wote usiku mmoja, benki inabaki na wewe. Nyumba haibebeki usiku.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo ningependa ungeuliza, ni hili: nyumba inahesabiwa shilingi ngapi? Watu wengi huingia benki na bei waliyoambiwa na jirani, halafu wanatoka wakiamini wamedharauliwa.

Benki itakutuma kwa mthamini aliyesajiliwa, na ada yake utalipa wewe. Atakuja, atapima, atapiga picha, ataangalia mipaka na ramani, na atauliza nyumba za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani. Mwishoni ataandika namba mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko, yaani bei ambayo nyumba ingepata kama mngeiweka sokoni bila haraka mpaka apatikane mnunuzi anayeitaka. Ya pili ni thamani ya mauzo ya lazima: ingepata nini kama ni lazima iuzwe ndani ya muda mfupi, kwa mnada, huku kila mnunuzi akijua kwamba muuzaji hana nafasi ya kusubiri. Hiyo ya pili ndiyo benki inayoisoma. Ya kwanza ni ya kukufurahisha wewe.

Tuchukue mfano wa nyumba inayofanana na yenu, ya vyumba vitatu, kiwanja kilichopimwa. Mthamini anaandika thamani ya soko milioni 48. Mara nyingi thamani ya mauzo ya lazima huja karibu robo tatu ya hiyo, kwa hiyo tuseme milioni 36. Benki haitakukopesha milioni 36. Inataka nafasi juu ya mkopo, kwa sababu ukikwama deni halitasimama pale pale: riba itaendelea, adhabu itaongezeka, na dalali na wakili watataka chao. Kiwango nilichokizoea ni dhamana izidi mkopo kwa robo, yaani kwa kila shilingi 100 ya mkopo kuwe na shilingi 125 za dhamana. Gawanya milioni 36 kwa 1.25, unapata milioni 28.8. Hapo ndipo ukomo ulipo kwa nyumba hiyo, na milioni 20 zako zinaingia bila shida.

Lakini ukomo huo si kipimo cha mkopo unaoufaa. Kuna maafisa wanaopenda kumwambia mteja, "Dhamana yako inabeba mpaka 28, kwa nini usichukue zote?" Ukiambiwa hivyo, tabasamu tu. Nyumba inaeleza benki itapata nini mambo yakiharibika. Marejesho yanatoka dukani. Milioni 20 kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopungua kadiri deni linavyopungua, ni rejesho la kama shilingi 998,500 kila mwezi. Sema milioni moja. Swali la kujiuliza usiku ni kama mzigo mpya utaongeza faida ya zaidi ya milioni moja kwa mwezi, juu ya ile inayowalisha sasa, na kama utaanza kuiongeza tangu mwezi wa kwanza. Kama nusu ya vipuri vipya vitakaa rafuni miezi mitatu, miezi mitatu hiyo utakuwa unailipa benki kwa faida ya zamani. Nikiwa mimi ningechukua 12 kwanza.

Kuhusu jina la mume wako kwenye hati, hapo pana uzito, nisikilize vizuri.

Mkopo utakuwa wako, lakini mweka rehani ni yeye. Sheria inaruhusu mtu kuweka ardhi yake kwa deni la mtu mwingine. Kwa hiyo kwenye karatasi mtasimama mara tatu. Wewe utasaini mkataba wa mkopo kama mkopaji. Yeye atasaini hati ya rehani kama mmiliki. Halafu wewe tena utasaini fomu ya ridhaa kama mke, kwa sababu nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila mwenza anayeishi humo kukubali. Msingi wa jambo hilo uko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, na Sheria ya Ardhi imelikazia. Usicheke kwamba unajiridhia mwenyewe. Nimeona faili likirudishwa kutoka kwa wanasheria wa benki kwa sababu tu mke alisaini kama mkopaji na hakusaini kama mke.

Kama kuna mke mwingine anayeishi kwenye nyumba hiyo, ridhaa yake nayo inatakiwa. Mweka rehani anawajibika kusema ukweli kuhusu ndoa yake, na kudanganya hapo ni kosa la jinai. Ndiyo maana benki itaomba barua ya serikali ya mtaa, picha za pasipoti za wote wawili zilizobandikwa kwenye fomu, na pengine kiapo mbele ya wakili. Miaka ya nyuma kesi za "mimi mke sikujua" zilikuwa nyingi, na zile picha zimebandikwa pale kwa sababu ya kesi hizo.

Mume wako naye ajue anasaini nini. Akisaini rehani peke yake, kilicho hatarini ni nyumba. Nyumba ikiuzwa isitoshe deni, benki itakudai wewe mkopaji kilichobaki. Lakini kwenye bahasha hiyo hiyo mara nyingi huwa kuna karatasi nyingine, udhamini binafsi, na akiisaini hiyo naye anadaiwa kwa mali zake nyingine zote na hata kipato chake. Si lazima ziende pamoja. Aulize, na aseme kama hataki. Benki inaweza kukataa au kukubali, lakini jibu alipate kabla ya kalamu.

Jambo lingine dogo lenye madhara makubwa: bima ya mkopo. Benki nyingi zitakukata bima ya maisha, ili ukifariki bima ilipe deni. Bima hiyo inamfuata mkopaji. Mume wako akitangulia, hakuna bima itakayolipa chochote kwa sababu si yeye aliyekopa, na nyumba itaingia kwenye mirathi ikiwa bado na rehani juu yake. Ndugu watakaokuja kwenye kikao cha ukoo hawatalijua hilo. Watoto wenu wakubwa, au angalau mtu mmoja wa kuaminika upande wake, waambieni mapema.

Utaratibu wa kuisajili rehani hautakuchukulia maneno mengi. Benki itafanya upekuzi ofisi ya ardhi, watu wa benki wanaita sachi, kuona kama hati ni halisi, kama jina ni la mume wako kweli, na kama hakuna rehani nyingine au zuio la mahakama. Kama mna deni la kodi ya pango la ardhi lilipeni sasa, maana hapo ndipo litakapoibukia. Kisha hati ya rehani itasainiwa mbele ya wakili, italipiwa ushuru wa stempu na ada ya usajili, na Msajili wa Hati ataiandika kwenye daftari lake. Kuanzia siku hiyo yeyote atakayefanya upekuzi ataiona. Uliza gharama zote hizi kwa maandishi kabla hujasaini: mthamini, wakili, usajili, bima ya moto, bima ya maisha, ada ya kuchakata mkopo. Wengi huomba milioni 20, zikaingia 18 na kitu kwenye akaunti, na mzigo uliokuwa umeagizwa kwa hesabu ya 20 ukapungua.

Wakili huyo, kumbuka, amewekwa na benki. Ni mtu wa heshima, atakusomea, lakini si wakili wako. Hati nyingi bado ziko kwa Kiingereza. Omba nakala ukae nayo siku mbili, mtafute mtu wa kuisoma. Afisa akikuambia haitoki nje mpaka isainiwe, mimi ningekuwa na wasiwasi naye.

Na ukipata wa kuisoma, amwage nguvu zake kwenye kifungu kimoja: rehani inashika deni lipi? Unaweza kudhani inashika milioni 20 hizi na riba yake basi. Hati nyingi zinasema inashika madeni yote ya mkopaji kwa benki hiyo, ya sasa na yatakayokuja, yawe ya kukopa au ya kumdhamini mwingine. Maneno hayo mafupi yamewaumiza watu kuliko riba.

Nina mfano wa fundi seremala mmoja niliyemsaidia baada ya mimi kuacha kazi ya benki. Alikopa milioni 9 kwa hati ya kiwanja chake, akalipa mpaka shilingi ya mwisho, tena miezi miwili kabla ya muda. Alipoenda kuchukua hati akaambiwa haitoki. Katikati ya mkopo wake alikuwa amemsainia mdogo wake udhamini wa mkopo wa milioni 5 kwenye benki hiyo hiyo, bila kuweka mali yoyote, au ndivyo alivyodhani. Mdogo wake alikuwa nyuma marejesho manne. Hati ya kiwanja ilikuwa imeshashika na deni hilo, kwa sababu alisaini "madeni yote". Tuliandika barua, tulibishana, na karatasi ilikuwa upande wa benki. Alimlipia mdogo wake marejesho yote manne ndipo wakakaa mezani.

Unachoweza kuomba ni rehani iandikwe kwa kiasi maalumu na kwa mkopo huu tu. Benki kubwa zina fomu zao na hupenda kukataa, lakini kwa mteja mwenye mahesabu mazuri wanasikiliza wakati mwingine. Wakikataa, basi ujue tu: mradi hati iko kwao, usimdhamini mtu hapo, na ukiongezewa mkopo juu ya huu, nyumba imeubeba na huo bila safari mpya ya ofisi ya ardhi.

Sasa tuuangalie upande mbaya, kwa sababu hapo ndipo maana halisi ya rehani inapoonekana.

Tuseme ulichukua hizo milioni 20 na umelipa marejesho kumi. Deni limebaki kama milioni 12.5. Barabara mbele ya duka inachimbwa, wateja wanapotea, unakosa rejesho la kumi na moja na la kumi na mbili. Mwanzoni utapigiwa simu, utatembelewa, utaandikiwa barua za ukumbusho. Zikipita siku 90 bila malipo, kanuni za Benki Kuu zinaitaka benki iuhesabu mkopo huo kuwa chechefu na itenge fedha za kufidia hasara. Kabla ya hapo meneja wa tawi bado anaweza kukuongezea muda au kupunguza rejesho. Baada ya hapo faili lako huhamia kwa watu wa kukusanya madeni, na hao hawajawahi kunywa soda dukani kwako. Ndiyo maana nasema nenda benki mwezi wa kwanza unapoona hali inabadilika, hata kama bado hujachelewa kulipa.

Benki ikiamua kutumia haki yake ya kuuza, haiwezi kuamka na dalali kesho. Sheria inaitaka itoe notisi ya maandishi inayoeleza kosa ni lipi, kiasi gani kinadaiwa na nini kifanyike kulirekebisha, na siku 60 zipite tangu notisi hiyo ipokewe. Notisi hiyo lazima imfikie mume wako, kwa kuwa ndiye mweka rehani. Mara nyingi hutumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye hati ya rehani, kwa hiyo kama mmeandika sanduku la posta la ofisi aliyostaafu, badilisheni. Siku 60 zikiisha dalali hutangaza mnada, na Sheria ya Madalali inataka tangazo hilo litolewe angalau siku 14 kabla ya mnada. Ukijumlisha, kutoka notisi mpaka nyundo ni siku 74 kwa uchache.

Siku hizo si za kujificha. Deni likilipwa lote pamoja na gharama wakati wowote kabla nyumba haijauzwa, haki ya benki ya kuuza inakwisha. Kuna njia ambayo watu wengi hawaiulizi: mume wako anaweza kuiomba benki kwa barua imruhusu atafute mnunuzi mwenyewe, fedha zipitie benki. Nyumba inayouzwa na mwenyewe, mteja akiingia jikoni na kuuliza maji yanatoka siku gani, hupata bei iliyo karibu na ya soko. Nyumba inayouzwa na dalali mwenye kipaza sauti barabarani haipati.

Ikifika mnadani, benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa wakati huo. Bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko bei ya wastani ya mali zinazofanana sokoni, sheria inaichukulia benki kuwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Kwa nyumba yetu ya milioni 48, mstari huo uko kwenye milioni 36. Angalia ulivyo karibu na ile namba ya pili ya mthamini. Hiyo ni sababu moja ya kutunza nakala ya taarifa ya uthamini, maana bila karatasi ya bei utakuwa unalia tu.

Lakini sitaki ujidanganye kuhusu kuzuia mambo baada ya nyundo kugonga. Sheria inamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kama benki ilikosea utaratibu, unachoweza kudai kwa kawaida ni fidia kutoka benki, na nyumba inakuwa imekwenda. Kosa la notisi, la anwani, la ridhaa, lipigiwe kelele kabla ya siku ya mnada.

Na fedha za mnada? Tuseme nyumba imeuzwa milioni 38. Zinatoka kwanza gharama za mnada, tangazo, dalali na kodi zinazohusika. Tuweke milioni 2.5. Kisha deni, ambalo kwa riba na adhabu za miezi hiyo limepanda kutoka 12.5 mpaka, tuseme, 14. Zinabaki milioni 21.5. Hizo ni za mume wako, si za benki wala si za dalali. Nimekutana na familia iliyohama kimya kimya kwa aibu, na kwa karibu mwaka mzima hawakuuliza mchanganuo wa mauzo, wakiamini kwamba benki ikiuza inachukua vyote. Ombeni mchanganuo kwa maandishi wiki hiyo hiyo.

Nirudi kwenu. Ukiniuliza kama muiweke nyumba, jibu langu linategemea kitu kimoja ambacho sikijui na wewe unakijua: hiyo nyumba ni ya pekee mliyo nayo? Kama mna kiwanja pembeni chenye hati, hata kama hakijajengwa, pelekeni hicho, na mkopo ushuke mpaka kinachoweza kuubeba. Kama ni nyumba pekee, ningeomba milioni 8 au 10 kwanza, kwa mzigo, gari kama mnalo na mdhamini mwenye mshahara. Kadi ya gari inaweza kuandikwa jina la benki pamoja na lenu mpaka mkopo uishe, na gari likiuzwa mtapanda daladala, lakini mtarudi nyumbani. Riba ya mkopo wa namna hiyo huwa juu kidogo. Mimi ningeilipa.

Kama mkiiweka nyumba na mkamaliza salama, kazi haijaisha siku ya rejesho la mwisho. Omba barua ya benki inayosema deni limekwisha, kisha hati ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki, na hiyo ipelekwe kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu huchukua hati, wanaifungia kabatini wakifurahi, na miaka kumi baadaye wakitaka kuuza wanakuta kwenye daftari rehani bado inasoma, na tawi lile la benki lilishafungwa. Hati ikirudi mikononi mwa mume wako, ifungueni mpaka ukurasa rehani ilipoandikwa, na hakikisheni chini yake pameandikwa kwamba imefutwa, kuna namba, tarehe na saini ya Msajili. Halafu lipieni upekuzi mmoja wa kwenu wenyewe mwone daftari linasema hivyo hivyo.